Msaada wakuu: voli yangu ya fohendi inapaa nje, na nimekaza kiwiko mpaka kinauma

Dabo_Jumamosi
Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaocheza tenisi, maana nimefika mahali nakwepa neti kama mtu anayekwepa duka analodaiwa.

Nina miaka 41, tenisi nimeanza ukubwani, huu ni mwaka wa tatu. Tunacheza dabo kila Jumamosi, watu wanne walewale, saa 12:30 asubuhi tuko kiwanjani kabla jua la Dar halijakolea. Nikiwa nyuma sina tatizo. Sevu inaingia, fohendi inaingia, hata bekihendi siku hizi hainiaibishi. Shida ni nikisogea mbele. Mpira ukinijia hewani upande wa kulia, hasa wenye kasi, nikiupiga unapaa. Unavuka mstari wa nyuma wa wapinzani, na mara nyingi unaangukia kulia, nje kabisa. Mwenzangu wa dabo sasa akiona nasogea anavuta pumzi.

Kocha aliyenipa masomo mwanzoni aliniambia mambo matatu: usivute raketi nyuma, kaza kiwiko, piga hatua mbele. Nimeyashika yote matatu. Mkono nimeukaza ukawa kama mwiko wa ugali. Matokeo ni kwamba mpira bado unapaa, na sasa kiwiko kinauma upande wa nje. Hata kubeba ndoo ya maji ni shida. Nakosea wapi?

Mpiga Debe wa Mbezi
Mkuu hapo kwenye voli kosa lako ni kutumia mkono mzima. Tumia vidole, mpira uwe juu ya paji la uso, magoti yapinde. Mimi nimecheza timu ya shule miaka minne, sijawahi kuumia kiwiko.

Dabo_Jumamosi
Asante mkuu, ila huo unaosema ni mpira wa wavu. Mimi nina raketi.

Mpiga Debe wa Mbezi
Aaah. Basi endeleeni, mimi nasoma tu.

Fundi wa Sinza
Tatizo lako dogo sana. Shika raketi kwa nguvu kama umemkamata mwizi, tangu mchezo unaanza mpaka unaisha. Ukilegeza kidogo tu mpira unaigeuza raketi mkononi. Kuvuta nyuma sahau kabisa, wewe weka tu raketi mbele kama ukuta. Halafu hatua: kanyaga kwanza mguu wa kushoto, utulie, ndipo upige. Mpira ukukute umeshasimama imara. Mimi nacheza miaka 9 na voli ndiyo silaha yangu.

Babu Neti
Dabo, mimi nilianza kuokota mipira nikiwa mtoto, enzi hizo mwokota mipira unaruhusiwa kushika raketi mabosi wakishaenda kunywa soda. Siku hizi nafundisha. Kabla sijakupa dawa nina maswali, maana mpira unaopaa una sababu nyingi.

Kwanza hicho kiwiko. Wewe umekaza kipi? Kwa sisi wazee kiwiko cha mkono ni pale unapofunga saa. Vijana mkisikia kiwiko mnafikiria pale unapoegemea meza, ambapo wengine tunapaita kisugudi. Nina wasiwasi kocha wako alisema saa, wewe ukasikia meza.

Pili, mpini unaushikaje ukiwa mbele? Unaubadilisha, au unabaki na mshiko uleule wa fohendi ya nyuma?

Tatu, pale mpinzani anapogusa mpira, miguu yako inafanya nini?

Nne, mkono wa kushoto uko wapi?

Dabo_Jumamosi
Shikamoo mzee. Duh. Nilikaza hapa pa kuegemea meza. Miezi miwili!

Mshiko sibadilishi, ni uleule wa fohendi, kiganja kiko chini chini ya mpini. Miguu, kusema kweli, imesimama. Nasubiri nione mpira unaenda wapi. Mkono wa kushoto sijui, nadhani unaning'inia tu.

Babu Neti
Marahaba. Basi tumepata.

Ulipewa maagizo matatu ukayachukua kama vitu vitatu. Ni kitu kimoja, na kinaanza kabla hujagusa mpira. Ngoja nikueleze mpira wako mmoja kama ninavyouona nikiwa nimefumba macho.

Mpinzani anapiga. Wewe umesimama wima, nyayo zote chini. Mpira unavuka neti ndipo unashtuka. Mkono wako unajua kazi moja tu, ile ya fohendi ya nyuma, kwa hiyo unaipeleka raketi nyuma ya bega. Sasa raketi iko nyuma na mpira umeshafika ubavuni. Unaurusha mkono mbele kwa haraka. Mkono unatangulia, kichwa cha raketi kinabaki nyuma kama mkia wa mbwa. Hapo kifundo cha mkono, pale pa saa, kimepinda kuelekea nyuma, na uso wa raketi umelala unatazama mawingu. Mpira unagusa nyuzi ukiwa sambamba na mwili wako, si mbele yako.

Uso ukitazama juu, mpira unapaa. Ukichelewa kwenye fohendi ya mkono wa kulia, mpira unakwenda kulia. Wewe mwenyewe umesema unapaa na unaenda kulia. Na kwa kuwa umeegemea nyuma kujiokoa, hatua ya mbele haipo, au unaipiga mpira ukiwa umeshaondoka, kama mtu anayepungia daladala iliyokwisha kupita.

Sasa ukimwambia mtu huyo "kaza" unakaza kosa. Umekuwa mtu aliyechelewa, mwenye mkono mgumu.

Fundi wa Sinza
Mzee kwa heshima zote, mimi nimesema hivyohivyo: asivute nyuma na akaze.

Babu Neti
Fundi, nusu umesema. Hapo pa "weka raketi kama ukuta" ndipo watu wanapotea. Ukuta hauna bega. Ukimwambia mtu asivute kabisa, anabaki amekabili neti kifua wazi, anausukuma mpira kwa kisugudi kama anafunga mlango wa friji. Kuvuta kupo, ila kunafanywa na mabega. Mpira ukija kulia unageuza mabega yote mawili kulia, kidogo tu, bega la kushoto lielekee mpira. Raketi inakwenda pamoja na bega, mkono wenyewe haujafanya chochote. Ukigeuka hivyo, raketi inaishia usawa wa sikio au bega na bado unaiona kwa pembe ya jicho. Ukiacha kuiona, umeshavuta mno.

Na ule mkono wa kushoto unaoning'inia una kazi. Ushike shingo ya raketi unaposubiri. Mikono miwili ikiwa kwenye raketi huwezi kugeuza mkono mmoja bila bega, na huwezi kuipeleka mbali nyuma hata ukitaka. Unaiachia mwishoni, mpira ukiwa umekaribia.

Kuhusu kushika kama umemkamata mwizi, hilo ndilo limemletea maumivu, pamoja na kukaza kisugudi. Ukisubiri, shika kama unavyoshika ndege mdogo, asiruke wala asife. Mpira ukifika nyuzi ndipo unabana, hasa kwa vidole vitatu vya mwisho, cha kati, cha pete na kidogo. Kubana huko ndiko kunafunga kifundo cha mkono. Kisha unalegeza. Mtu anayebana muda wote mkono unakufa ganzi, hahisi uso wa raketi umeelekea wapi.

Mama Viungo
Naongezea la afya tu, ni fani yangu. Misuli inayonyanyua kiganja na kukituliza unapokamata kitu iko juu ya kigasha, na inajishikiza kwenye mfupa wa nje wa kisugudi. Ukibana mpini saa nzima bila kupumzisha, pale ndipo panapolalamika. Ndoo ya maji, kukamua kitambaa, kufungua kitasa, vyote vinauma kwa sababu hiyohiyo. Kaka, pumzisha mkono kwanza. Ikipita wiki kadhaa bado panauma ukikamata vitu, nenda ukaonwe, usiishie kupaka dawa ya kuchua ya kituo cha daladala.

Mpima Ardhi
Mimi si mchezaji wa kutisha ila namba ni kazi yangu, nikapiga hesabu kidogo ya huo uso unaolala.

Kutoka neti hadi mstari wa nyuma ni mita 11.89. Tuseme Dabo yuko mita 2.5 kutoka neti. Kwa hiyo kutoka kwake hadi mstari wa nyuma wa wapinzani ni mita 14.4 hivi. Raketi ikilegea mkononi ikafanya mpira uondoke nyuzi 5 juu zaidi (za pembe, si za raketi), pale kwenye mstari mpira utakuwa juu kwa kama mita 1.25 kuliko ulivyokusudiwa. Nyuzi 5 ni kitu ambacho kwa macho hukioni. Ule mpira uliotaka uanguke kwenye mstari unapita usawa wa kifua cha mtu.

Na muda: mpinzani akipiga kutoka nyuma kwa kilomita 90 kwa saa, hiyo ni mita 25 kwa sekunde. Mita 14.4 ni kama sekunde 0.6, ongeza kidogo kwa kuwa hewa inaupunguza kasi. Ndani ya hapo uone, uamue kulia au kushoto, uvute, urudishe, upige. Mimi nikaelewa kwa nini nami huwa nachelewa.

Dabo_Jumamosi
Mita 1.25 kwa kulegea kusikoonekana. Mwenzangu aisome hii aache kuvuta pumzi.

Kijana wa Tegeta
Hivi jamani nani anaenda neti siku hizi? Kaeni nyuma mpige topspini kama dunia nzima. Voli ni mambo ya wazee wa kaptula nyeupe fupi.

Babu Neti
Kijana, kwenye singo unaweza kujificha nyuma, ingawa siku moja utavutwa mbele na mpira mfupi na huna pa kukimbilia. Kwenye dabo mmoja wenu anaanza pointi akiwa neti, upende usipende. Na hao wa kaptula fupi, Navratilova alichukua Wimbledon ya singo mara 9, nyingi akiwa amesimama palepale unapopakimbia. Edberg alichukua mwaka 1988 na 1990. Tafuta video zake, tazama voli yake ya bekihendi kwa mwendo wa polepole, uangalie kichwa cha raketi kinavyosafiri umbali mdogo. Mimi niliwahi kuitazama kwenye televisheni ya jirani huku nimesimama dirishani, na nadhani nilijifunza zaidi pale dirishani kuliko kwa mtu yeyote.

Nuru_Upanga
Mimi kesi yangu ni tofauti kidogo ila naona inahusu. Nimekulia kwenye badmintoni, ukumbini, tangu darasa la tatu. Nilipohamia tenisi kila mtu alinisifia kwamba nina mkono mwepesi. Kweli nilikuwa nafika kila mpira. Lakini voli zangu zilikuwa bahati nasibu: moja inang'aa, inayofuata inaenda kwenye fensi. Sababu ni kwamba badmintoni raketi ni nyepesi sana na unaitia ule mchapo wa mwisho. Nikawa natia mchapo uleule kwenye mpira wa tenisi, ambao ni mzito na unakuja kwa nguvu. Ukiwahi kwa nukta mpira unajifukia kwenye neti, ukichelewa kwa nukta unapaa.

Kilichonisaidia ni kitu cha kipuuzi. Kocha wangu alinifanya nidake mipira kwa mkono mtupu dakika kumi, bila raketi.

Babu Neti
Nuru amenitangulia, na si cha kipuuzi hata kidogo. Dabo, zoezi lako ndilo hilo, nalieleza kwa mpangilio maana ukiruka hatua linakuwa mchezo tu.

Simama katikati ya neti na mstari wa sevu, yaani mita 3 hivi kutoka neti. Mstari wa sevu uko mita 6.4, kwa hiyo ni nusu ya hapo. Mwenzako asimame kwenye mstari wa sevu wa upande wa pili, akurushie mpira kwa mkono, polepole, upande wako wa kulia. Uudake kwa mkono wa kulia mbele ya mwili wako. Utaona hakuna binadamu anayepeleka mkono nyuma kabla ya kudaka. Mtu akikurushia embe unanyoosha kiganja mbele na mwili unalifuata. Mguu wa kushoto wenyewe unasogea bila kuambiwa. Hiyo ndiyo voli. Bado kuweka raketi tu.

Ukishadaka kama 20, shika raketi kwa shingo yake, pale juu ya mpini, upige hivyohivyo kwa kiganja kile. Raketi imekuwa fupi, haina mkia wa kubaki nyuma. Kisha ndipo ushuke kwenye mpini. Ukishuka tu na mpira ukaanza kupaa tena, ujue umerudia kuvuta. Panda tena kwenye shingo.

Ukiwa peke yako, simama na mgongo kwenye fensi, visigino hatua moja kutoka kwenye waya, ufanye mwendo wa voli bila mpira. Raketi ikigonga waya fensi itakueleza bila kukusimanga.

Sasa mshiko, hapo lazima uhame. Mshiko wako wa fohendi, kiganja chini ya mpini, unafunga uso wa raketi uangalie chini. Ili uufungue unalazimika kupinda kifundo nyuma, na hapo tumerudi kulekule. Shika raketi kama shoka, ukingo wa fremu ndio makali, kama unataka kuchanja kuni. Mshiko huo huo unapiga voli ya kulia na ya kushoto, huna muda wa kubadilisha katika sekunde ile ya Mpima. Nakuonya: wiki mbili za kwanza utaona voli ya kulia imekuwa dhaifu na mipira mingine inaelea. Usirudi ulikotoka. Kigasha na raketi vifanye pembe, kichwa cha raketi kiwe juu kuliko kifundo, na pembe hiyo usiivunje mpaka mpira umeondoka.

Na cha mwisho, ambacho ndicho cha kwanza: miguu. Mpinzani anapoanza kupiga, wewe ruka kidogo, hata unene wa kitabu unatosha, utue kwa miguu yote miwili wakati ule ule raketi yake inagusa mpira. Ukitua umechemka, unaweza kwenda upande wowote. Ukiruka mapema umeshatulia tena, ukichelewa uko hewani mpira unapita. Wengi wanaosema "sina mkono wa voli" wana miguu iliyolala.

Fundi wa Sinza
Yote nakubali mzee, hata la mwizi nimelipokea, kumbe ndiyo maana mechi ndefu mkono unachoka. Lakini la hatua sikubali. Umesema mguu unasogea wenyewe. Mimi nasema mguu utangulie, ukanyage, ndipo mpira uguse raketi. Ukipiga mguu ukiwa hewani utapata nguvu wapi?

Babu Neti
Nguvu inatoka kwenye uzito unaokwenda mbele, na uzito unakwenda mbele wakati mguu unashuka, si baada ya kushuka. Ukishakanyaga ukatulia, umesimama. Mimi nafundisha mpira uguse raketi kisha mguu uguse chini, "pa" halafu "tu". Au angalau pamoja.

Kocha wa Jioni
Nami nafundisha, naomba niingie kati. Watoto nawaambia "kanyaga-piga" kwa sababu nikiwaambia mguu uchelewe hawapigi hatua kabisa. Mtu mzima aliyekwisha kuelewa namwachia afuate mwili. Mpira wa polepole una muda, mguu unaweza kutangulia na hata ukapiga hatua mbili. Mpira wa kasi unaoelekea mwilini hatua haipo, unageuza bega na kubana tu, ukilazimisha hatua unajigonga. Kwa hiyo wote mna haki, inategemea mpira.

Babu Neti
Hapana, kocha. Sisi sote hatuwezi kuwa na haki, ila tuliache hapo.

Dabo_Jumamosi
Mzee, swali dogo: jasho. Ikifika saa 2 asubuhi, hasa miezi hii ya joto, mpini unateleza kama samaki. Nikishika kama ndege mdogo, ndege anaondoka.

Babu Neti
Hapo una hoja. Dar unyevu wake si mchezo, na mpini uliolowa unazunguka mkononi mpira ukigonga pembeni ya uso wa raketi. Utadhani umelegeza kifundo kumbe ni mpini. Namna ya kujua: baada ya voli mbaya usisogeze mkono, tazama raketi. Kama bado ni shoka mkononi, kosa ni la kifundo au la kuchelewa. Kama imejizungusha, ni jasho au umegongea pembeni. Badilisha gripu ya juu mara kwa mara, uwe na taulo kwenye fensi, ufute kiganja na kigasha chote maana jasho linatiririka kutoka juu. Lendl alikuwa anaweka unga wa mbao mfukoni. Hapa kwetu nenda Keko kwa mafundi seremala, unaokota bure.

Kijana wa Tegeta
Unga wa mbao!! 😂 Mzee utamfanya mwenzio aonekane fundi kitanda.

Dabo_Jumamosi
*(wiki tatu baadaye)*
Wakuu nimerudi na ripoti. Wiki ya kwanza sikucheza, nilipumzisha mkono kama dada wa viungo alivyosema. Ndoo sasa naibeba, ingawa nikibana kitu kwa nguvu bado nasikia kwa mbali.

Wiki ya pili nilifanya ya kudaka. Walinicheka pale kiwanjani, mzee mzima anadaka mipira. Cha ajabu mpira wa kwanza kabisa nilioudaka, mguu wa kushoto ulisogea wenyewe. Nikakaa nautazama. Nilipohamia kwenye shingo ya raketi kati ya mipira 20 ziliingia 16. Niliposhuka kwenye mpini ziliingia 9. Nikapanda tena, nikashuka, zikawa 12.

Jumamosi iliyopita kwenye mechi nilipoteza voli nyingi bado, lakini tofauti. Hazipai tena kwenda kulia. Zinaelea katikati, dhaifu, wapinzani wanazipiga tena. Mzee alisema itakuwa hivyo kwa hiyo sikuogopa. Mbili nilizipiga sawasawa na mlio wake ni mwingine kabisa, mfupi, kama kugonga mlango mara moja. Mwenzangu hakuvuta pumzi, alisema "he!"

Nilichogundua mwenyewe: kile kijiruko ndicho kilichobadilisha mambo. Nikikisahau, raketi inakwenda nyuma. Nikikikumbuka, haina hata hamu ya kwenda.

Tatizo jipya: wenzetu wameshtuka, sasa wananipigia miguuni. Mpira uko chini ya neti, nikiweka kichwa cha raketi juu ya kifundo kama nilivyofundishwa sifiki, nikiinamisha raketi unaingia kwenye neti.

Babu Neti
Umefika mahali pazuri, watu wakianza kukupigia miguuni ujue juu wameshindwa.

Mpira wa chini hushuki kwa raketi, unashuka kwa magoti. Goti la nyuma likaribie sakafu, mgongo usiinamie mbele kama unatafuta shilingi. Fungua uso wa raketi kidogo, na usipige, sindikiza tu, maana neti iko juu yako na huwezi kuupiga kwa nguvu bila kwenda nje. Upitishe katikati, neti pale ni sentimita 91 wakati kwenye nguzo ni 107. Uuweke mrefu nyuma, usubiri mpira wa pili.

Lakini sheria ya kichwa juu ya kifundo ina mwisho wake. Mpira ulio kwenye vidole vya miguu hakuna goti litakalokufikisha, kichwa cha raketi kitashuka tu. Kinachobaki ni kutovunja kifundo. Na ukiona wanakupigia hapo kila mara, huenda unachelewa kusogea. Ukisevu kisha ukasimama kwenye mstari wa sevu, kila mpira utakuwa wa miguuni. Songa hatua mbili zaidi kabla ya kijiruko.

Fundi wa Sinza
Nakaa kimya kwenye la chini, sijawahi kuliweza. Ila la hatua bado. Nuru, wewe huna video zako ukicheza? Tazama mguu na mpira kipi kinatangulia.

Nuru_Upanga
Nimetazama jana usiku, kwa mwendo wa polepole kabisa. Voli mbili za fohendi nilizozipata vizuri. Ya kwanza mguu umekanyaga kabla. Ya pili mpira umeshaondoka ndipo kiatu kinagusa chini.

Fundi wa Sinza
Na iliyoingia ni ile ya mguu kwanza, si ndiyo?

Nuru_Upanga
Zote mbili zimeingia.

Babu Neti
Ile ya pili ilikuwa na kasi zaidi. Tazama tena.